Memo ya kubadili fomu za saa: naomba mniangalizie rasimu

Mwanagenzi, Minneapolis

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Niko mafunzoni kwenye ofisi ya makao ya wazee. Meneja anataka niandike memo kwa wafanyakazi wote: fomu za karatasi za kujazia saa za kazi zinaondolewa, saa zitaingizwa kwenye mfumo kwa simu au kompyuta. Kwa Kiswahili, rasimu yangu inasema hivi:

"Kutokana na juhudi zinazoendelea za kuboresha huduma, uongozi umepitia utaratibu wa malipo na kuamua kuleta mfumo mpya. Wafanyakazi wote wataanza kuutumia 3/1. Mwisho wa kuwasilisha ni usiku wa Jumatatu. Atakayechelewa hatalipwa wiki hiyo."

Nipunguze wapi?

Mhasibu wa mishahara, Columbus

Marahaba. Kabla ya kupunguza, futa hiyo "hatalipwa". Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 inayosimamia ujira na ovataimu inamtaka mwajiri alipe saa zilizofanywa, fomu ije isije. Mchelewaji anaweza kupewa onyo, lakini mshahara wake hauzuiliwi. Na hilo onyo usilitunge wewe. Muulize meneja kama ndilo analotaka, maana memo inatoka kwa jina lake.

Dallas

Hapo mnamtisha kijana bure. Mradi watu wametangaziwa mapema, asiyesoma shauri yake. Ninachokiona mimi ni kwamba sentensi ya kwanza haimwambii mtu afanye nini. Mhudumu anayetoka zamu ya usiku atasoma mstari mmoja, basi. Huo mstari uwe na tarehe na kitendo.

Mhasibu wa mishahara, Columbus

La mstari wa kwanza uko sawa kabisa. La kutangaza mapema, hapana: tangazo haliondoi deni la mshahara. Hata ovataimu ambayo haikuombewa kibali, ikishafanywa inalipwa, na aliyekiuka anaadhibiwa kwa njia nyingine.

Worcester

Mwanangu, afadhali umeuliza. Sisi kwetu wanatukata dakika 30 za chakula kila siku na huku tunakula tukiitikia kengele za wagonjwa. Huo mfumo mpya ndio utakaotukata zaidi?

Mhasibu wa mishahara, Columbus

Mama, hilo ni jambo jingine. Ila kama hukuachiliwa kazi kabisa, hizo dakika ni za kazi na zinadaiwa. Ziandike kila siku, kisha tulianzishie mada yake.

Turudi kwenye memo. Kitakachowachanganya watu ni wiki ya kuhamia. Mwanagenzi, wiki yenu ya malipo inaanza lini?

Mwanagenzi, Minneapolis

Jumapili, saa 6 kamili usiku wa kuamkia siku hiyo.

Mhasibu wa mishahara, Columbus

Basi chukua mtu aliyeingia Jumamosi, Februari 28, saa 5 usiku, akatoka Jumapili saa 1 asubuhi. Saa yake moja ni ya wiki ya zamani, kwenye karatasi. Saa 7 ni za wiki mpya, kwenye mfumo. Usipolisema hilo, wengine wataziandika zote 8 kote kuwili, wengine wasiandike popote, na hesabu ya ovataimu baada ya saa 40 itaharibika kwa wiki zote mbili.

Halafu 3/1 kwa nusu ya watu wetu ni Januari 3. Andika siku na mwezi kwa jina. "Usiku wa Jumatatu" nao haujulikani ni upi. Weka saa yenyewe. Na "wafanyakazi wote" si kweli kama mameneja wa mshahara wa mwezi hawajazi saa.

Mwanagenzi, Minneapolis

Nimeirudia:

"KWA: Wafanyakazi wote wanaolipwa kwa saa
KUHUSU: Kuingiza saa za kazi kwenye mfumo kuanzia Jumapili, Machi 1, 2026

Kuanzia Jumapili, Machi 1, 2026, ingiza saa zako kwenye mfumo, si kwenye karatasi. Mwisho ni kila Jumatatu, 10:00 a.m., kwa wiki iliyoishia Jumamosi.

Saa za hadi Jumamosi, Februari 28, 11:59 p.m., ziandike kwenye karatasi kama kawaida. Zamu ikivuka usiku huo, igawe: kabla ya saa 6 usiku kwenye karatasi, baada yake kwenye mfumo.

Ukishindwa kuingia, mwambie msimamizi wako kabla ya muda kwisha. Saa ulizofanya zitalipwa."

Sababu ya mabadiliko nimeiondoa. Sawa?

Dallas

Irudishe, sentensi moja mwishoni. Watu wasipopewa sababu wanabuni yao, na watakayobuni ni kwamba wanafuatiliwa kwa simu.

Mhasibu wa mishahara, Columbus

Mimi ningeiacha nje, wasimamizi waieleze kwa mdomo. Na hakikisha wasimamizi wanaiona memo siku moja kabla ya wengine, maana wao ndio watakaoulizwa. Bandika nakala pale karatasi zinapochukuliwa, na Machi 1 asubuhi uondoe zile tupu zilizobaki. Zikibaki mezani, watu watazijaza.

Worcester

Na nywila wanapewa na nani? Memo haisemi.