Nimeuziwa pampasi feki, halafu nikaambiwa mwanangu anakojoa kama ng'ombe!!!

Mama Doto:
Wakuu, naandika nikiwa nimesimama maana nikikaa nitarusha kiti. Yule mwenye duka la jumla pale Makoroboi mnamjua, yule yule, msinilazimishe nimtaje. Leo saa nne asubuhi, mbele ya wateja sita na mbeba mizigo mmoja, ameniambia: "Mama, huyo mwanao anakojoa kama ng'ombe. Kamtafutie ndoo."

Ng'ombe! Mtoto wa miezi 9!

Jumamosi nilichukua kwake pakti tatu za namba nne, 17,000 kila moja. Kwingine ni 21,000, nikajiona mjanja wa Mwanza nzima. Jumapili tunakwenda Sengerema kwa mama mkwe. Nimembadilisha mtoto kabla hatujapanda kivuko pale Kamanga, hatujafika hata katikati, mapajani kwangu kuna Ziwa Viktoria la pili. Mama mkwe akampokea mjukuu kwa vigelegele, kitenge chake kipya kikapokea kilichobaki.

Nyumbani nilikuwa na mfuko mtupu wa aina hiyohiyo, namba hiyohiyo, niliobakiza mwezi uliopita nikiwekea nguo. Nikaulaza kitandani pamoja na hizi. Jamani! Yule mtoto wa kwenye picha, huku kwa muuzaji wa ndoo mdomo wake umehamia shavuni. Maandishi madogo ya nyuma yamejaa wino, herufi "a" na "o" huzitofautishi. Tarehe kwenye pakti zote tatu ni ileile hadi saa, 14:07. Kwa juu walipofunga, mfuko wa zamani una ukanda mpana wenye mistarimistari, umenyooka. Hizi zina kamstari kamoja kembamba kama uzi, kamepinda, na pembeni plastiki imeungua ikawa kahawia.

Nikachana moja nikaishika dirishani. Picha hiyo hapo. Mnaona? Mabonge meusi hapa na pale, katikati patupu. Ramani ya Ukerewe na visiwa vyake.

Nikambebea vyote dukani. Hata hakuangalia. NG'OMBE.

sato_mkavu:
Nimecheka hadi abiria wa daladala wananiangalia. Mama Doto, kwani dogo anakunywa lita ngapi?

Mama Doto:
Usinianze wewe.

Mzee wa Kirumba:
Pole binti. Dawa ni kuangalia ile namba ya mistari mnayoiskani dukani. Ikianza na 690 ni ya China, feki hiyo. Ikianza na 620 ni ya kwetu, original. Mimi sinunui kitu bila kusoma hapo.

fundi_zamu_ya_usiku:
Mzee wangu shikamoo, lakini hapo umepatia nusu. 620 kweli ni ya Tanzania, ila inaonyesha namba ilisajiliwa wapi, haisemi mzigo umetengenezwa wapi. Na anayenakili mfuko anainakili na hiyo mistari ilivyo.

Nimekaa miaka 6 kwenye mashine ya pampasi, kwa hiyo Mama Doto nikuambie na wewe: hiyo dakika moja kwenye pakti tatu peke yake haikusaidii. Mashine yetu ilitoa vipande 400 kwa dakika. Pakti ya vipande 40, hizo ni pakti 10 zenye dakika moja, na katoni moja inaweza kuzibeba. Jamaa angekushinda hapo.

Cha kuangalia ni tarehe imeandikwaje. Mifuko huja kiwandani ikiwa na picha tayari, tarehe inapigwa mwishoni na kimashine kingine, kwa vitone vidogo. Ukisogeza jicho unaviona vitone, na haviangukii palepale kila pakti, huku imesogea kidogo, huku imeinama. Zako zikoje?

Mama Doto:
Nimeweka picha. Hazina vitone. Ni herufi laini kama za jina la kampuni, rangi ileile, na zote tatu ziko juu ya kidole gumba cha yule mtoto, hata unywele haujasogea.

fundi_zamu_ya_usiku:
Basi tarehe imechapwa pamoja na picha. Hiyo mifuko ingeendelea kuwa ya 14:07 hata mwakani. Na mdomo kuhamia shavuni ni rangi kutolingana, kila rangi hupigwa na silinda yake. Kiwandani nako hutokea, ila roli hiyo hutupwa, ingawa siwezi kuapa kwamba hakuna inayoponyoka.

Mfungo ndio nataka picha ya karibu zaidi. Kamstari kama uzi ni kale kamashine ka mkono ka kufungia mifuko ya karanga. Lakini wapo wanaookota mfuko halali wakajaza vyao, halafu wakafunga upya. Pima urefu wa mifuko, uliofungwa upya huwa mfupi.

Mama Doto:
Baba Doto amechana juu yote akachomea taka. Naishi na adui.

Binti_Bunda:
Subirini. Mimi nimenunua hizo Bunda, mwezi wa tatu, si Makoroboi. Nimekwenda kuangalia sasa hivi. 14:07. Siku ileile. Juu ya kidole gumba.

sato_mkavu:
Dakika ndefu kuliko zote Kanda ya Ziwa.

Mama Doto:
NA AKANIITA MAMA WA NG'OMBE!!

Mzee wa Kirumba:
Hakukuita hivyo, alimsema mtoto. Mimi nilizimwagia maji zote mbili, ya bei rahisi na ya ghali, zote zikanywa vizuri tu. Mnadanganywa na bei.

fundi_zamu_ya_usiku:
Mzee, maji ya bomba yanaibeba sana pampasi mbovu. Zile chembe kama sukari zinazogeuka jeli hunywa maji matupu kupita kiasi, zikikutana na chumvi uwezo unashuka mno, na mkojo una chumvi. Rudia na kijiko cha chai cha chumvi kwenye nusu lita, mimina kidogokidogo kama mtoto, kisha bonyeza kwa karatasi kavu. Utaona.

Ila picha ya dirishani isiwapeleke mbali. Mabonge yanasema ndani ni hafifu. Hayasemi kwamba nembo imeibwa, maana kuna pampasi halali zenye jina lao na ndani ni uchafu mtupu. Wizi wa nembo unaonekana kwenye mfuko.

mrembo_wa_Igoma:
Nyie mna pampasi, sisi na pedi tumwambie nani? Nilinunua moja Igoma, kale kakaratasi kake kamefungwa upande mmoja, upande wa pili wazi kabisa, inapigwa vumbi tangu lini sijui. Nikaivaa kwa shida. Saa mbili tu, kingo zimeachana kama sambusa iliyokosa unga wa kubandikia, vilivyomo vikatoka. Ndani tishu! Tena ya kijivu, ina vitone vya wino kama gazeti lililooshwa. Na nilikuwa kazini, sketi nyeupe.

Binti_Bunda:
Sketi nyeupe nayo, dada, ulikuwa unajipima imani.

sato_mkavu:
Mama Doto peleka Tume ya Ushindani, bandia ndiyo kazi yao. Una risiti?

Mama Doto:
Ameniandikia kwenye boksi la sigara, "3 pamp 51".

Mzee wa Kirumba:
Risiti ya boksi! Mimi mwenzenu nimeuziwa taa ya kuvulia dagaa, chaji ya usiku kucha, imezima saa tatu tukiwa kati ya maji. Kumrudia, eti "mzee umeiwasha mapema."

mrembo_wa_Igoma:
Yule wa taa aliye karibu na mwalo?

Mzee wa Kirumba:
Huyohuyo!

sato_mkavu:
Mbona huyo mimi kaniuzia betri. Mzee, tutajane, tuko wangapi?

Mama Doto:
Samahani, uzi ni wa pampasi.

Mzee wa Kirumba:
Tumeelewa mama. Sasa hiyo betri, ilivimba au ilikufa tu?