Mkaguzi kasaini hesabu za uongo, mimi nimeumia, halafu naambiwa "hakuwa anakuandikia wewe"!

Kisogo Moto (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nina hasira na sitaificha, anayetaka lugha laini apite kimya kimya.

Nilinunua hisa zote za kampuni inayosambaza vipuri vya mitambo. Kabla sijatoa hata senti nilipewa hesabu zilizokaguliwa, zina saini ya wakaguzi wenye jina, zimeandikwa kabisa kwamba zinaonyesha hali ya kweli ya kampuni. Mali iliyoko ghalani peke yake ilikuwa karibu nusu ya thamani yote. Nikaamini, nikalipa.

Baada ya makabidhiano tukaingia ghalani na ile orodha mkononi. Rafu za mbele ziko sawa, vipuri vinauzika. Za nyuma, kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, ni maboksi ya vipuri vya mitambo isiyotengenezwa tena, vimeota kutu humo humo ndani ya nailoni. Kwenye orodha vimewekwa kwa bei ya manunuzi, kama vile viliingia juzi. Kuna mistari imeandikwa mara mbili, namba ya kipuri ileile, idadi ileile, ukurasa tofauti. Na wakaguzi walikuwepo siku ya kuhesabu! Tiki zao za kalamu ya kijani zipo kwenye mistari yote miwili.

Nimekwenda kwa wakili. Kanisikiliza, kavua miwani, kaniambia: huna mkataba na mkaguzi, hakukuumiza mwili wala hakuharibu mali yako, ulichopoteza ni fedha tu. Na mahakama haifungui mlango ovyo kwa mtu aliyepoteza fedha tu kwa sababu ya maneno ya mtu mwingine. Akanitajia kesi ya Caparo, akanionyesha mlango.

Yaani gari la ofisi yao lingegonga ukuta wangu ningelipwa mpaka tofali la mwisho. Lakini kalamu yao imenimaliza na naambiwa pole! Hizo hesabu zinakaguliwa kwa ajili ya nani basi? Za kufungia maandazi? Wajuvi wa sheria njooni hapa mnieleze.

Jembe Halilali

Mkuu, wakili wako yuko sahihi, usimlaumu. Hakuna mkataba, hakuna kesi. Mkaguzi alilipwa na kampuni, aliyemlipa ndiye bosi wake. Mkamate muuzaji, huyo ndiye uliyesaini naye.

Pilipili Hoho

Huu ni utapeli wa wazi, mbona unahangaika na mawakili wa madai? Nenda polisi, wakaguzi walale ndani, watarudisha fedha zako wenyewe.

Kalamu ya Zamani

Pilipili, mleta uzi hajasema mkaguzi alijua kwamba hesabu ni za uongo. Kutia tiki mara mbili kwenye kipuri kimoja ni kufanya kazi bila kuangalia, na huo ni uzembe. Utapeli unataka uthibitishe alijua, au hakujali kabisa kama ni kweli au si kweli. Ukianza na tuhuma usiyoweza kuithibitisha utapoteza muda na fedha.

Jembe, hiyo ya "hakuna mkataba, hakuna kesi" ilikuwa na nguvu zamani. Iliisha mwaka 1963, kwenye kesi ya Hedley Byrne dhidi ya benki ya Heller. Wakala wa matangazo alitaka kujua kama mteja wake anaaminika kifedha. Benki ya huyo mteja ikajibu kwamba ni mzuri kwa shughuli zake za kawaida. Mteja akafilisika, wakala akapoteza zaidi ya pauni 17,000. Mabwana wa mahakama ya juu ya Uingereza wakasema ndiyo, mtaalamu anaweza kuwajibika kwa maneno ya kizembe hata bila mkataba na hata kama hasara ni fedha tu, ikiwa alikubali kubeba dhamana ya maneno yake na mwenzake akayategemea. Wakala bado akashindwa, kwa sababu benki iliandika mapema kwamba inatoa taarifa bila kubeba dhamana. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa na mtu wa kwanza kuufungua hakuruhusiwa kupita.

Sasa Caparo, mwaka 1990. Hii inafanana na yako mpaka inatisha. Kampuni ya Fidelity ilitoa hesabu zilizokaguliwa zikionyesha faida ya zaidi ya pauni milioni 1. Caparo wakanunua hisa, mwisho wakaichukua kampuni nzima, kisha wakadai kwamba ukweli ulikuwa hasara ya zaidi ya pauni 400,000. Wakashindwa. Sababu haikuwa kwamba hesabu zilikuwa safi. Mahakama iliuliza hesabu za mwaka zinakaguliwa kwa kazi gani, ikajibu: ni ili wanahisa kwa pamoja waweze kuwasimamia wakurugenzi wao. Si ili mtu aamue anunue au asinunue. Ukitumia karatasi kwa kazi ambayo haikuandikiwa, mwandishi wake hadaiwi. Hapo ndipo wakili wako aliposimama.

Lakini hakukuuliza swali linalofuata. Je, uliwahi kuongea na wakaguzi wenyewe kabla ya kusaini?

Mama Matofali

Jamani na mimi nisaidieni. Nilinunua nyumba kwa mkopo, benki ikamtuma mthamini wake, ada nikalipa mimi. Ripoti ikasema haina matengenezo makubwa. Sasa ukuta wa nyuma una ufa naingiza vidole. Mthamini ananiambia alimwandikia benki. Si ndiyo yaleyale?

Kalamu ya Zamani

Dada, yako ina afya zaidi. Kuna kesi ya Smith dhidi ya Eric Bush, mwaka 1989. Mama alinunua nyumba ya kawaida, mthamini wa mkopeshaji akasema hakuna matengenezo ya lazima. Kumbe nguzo ya bomba la moshi ilishaondolewa chini, ile ya juu ya dari ikabaki inaning'inia. Baada ya miezi 18 ikaporomoka mpaka ndani. Mama alishinda, ingawa ripoti iliandika kwamba mthamini habebi dhamana kwake. Mthamini alijua kabisa kwamba mnunuzi wa nyumba ya aina ile hataleta mthamini wa pili, atategemea huyohuyo anayemlipia. Ila uliinunua ya kuishi au ya kupangisha? Mwaka 2011 mnunuzi wa nyumba ya kupangisha alikataliwa, wakasema huyo ni mfanyabiashara, angeweza kutafuta ushauri wake mwenyewe.

Mama Matofali

Chini naishi, juu nimepangisha.

Kalamu ya Zamani

Aisee. Hapo utawapa mawakili wa pande zote mbili chakula cha muda mrefu.

Kisogo Moto

Turudi kwangu. Ndiyo, niliongea nao! Siku chache kabla ya kusaini kulikuwa na kikao, mimi, muuzaji na yule mkaguzi aliyesaini. Nikamuuliza uso kwa uso: "Kiongozi, hizi hesabu bado unazisimamia? Maana natoa fedha kwa kuzitegemea." Akasema, "Nazisimamia, hakuna nilichokiona tangu hapo cha kunibadilisha." Wakili hakuniuliza hilo na mimi nilidhani saini ndiyo yenye uzito kuliko mazungumzo ya chai.

Kalamu ya Zamani

Mkuu, hayo mazungumzo ya chai ndiyo kesi yako!

Katikati ya miaka ya 1990 Uingereza kulikuwa na ADT dhidi ya wakaguzi BDO Binder Hamlyn. ADT walitaka kununua kampuni ya ulinzi iitwayo Britannia. Mkaguzi akaingia kikaoni, akaulizwa kama anasimama na hesabu zake, akakubali. Jaji akasema dakika ile ametoka kwenye kazi ya ukaguzi wa mwaka. Alimjua aliye mbele yake, alijua ni ununuzi gani, alijua jibu lake litategemewa bila kuhakikiwa tena, na akajibu. Caparo haikumwokoa. ADT walilipa pauni milioni 105 kwa kitu ambacho jaji aliona kina thamani ya milioni 40, wakaamriwa walipwe tofauti, milioni 65.

Angalia hiyo hesabu, maana watu wengi wanadai kupita kiasi. Tuseme ulilipa 100 na siku ile kampuni ilikuwa na thamani ya 60. Unadai 40. Kama baadaye soko la vipuri limeanguka na sasa inauzwa kwa 25, yale 35 ya kuanguka si ya mkaguzi, kwa sababu hata hesabu zingekuwa za kweli soko lingeanguka tu. Kwa hiyo tafuta mtu wa kuthamini mali ile ya ghalani kama ilivyokuwa siku ya ununuzi, siyo leo. Na usiviuze vile vyenye kutu kwanza, wala usiguse ile orodha yenye tiki.

Jembe Halilali

Haya nimeelewa kidogo. Lakini wakaguzi wa siku hizi wanaandika kwenye ripoti kwamba hawabebi dhamana kwa yeyote isipokuwa wanahisa kwa pamoja. Hilo si linamaliza kila kitu?

Kalamu ya Zamani

Swali zuri. Maneno hayo yalienea baada ya kesi ya Bannerman kule Skotlandi mwaka 2002, ambapo mahakama ilikataa kuitupa kesi ya benki iliyotegemea hesabu, na ikagusia kwamba wakaguzi walijua benki inazisoma na hawakuandika kwamba hawabebi dhamana kwake. Maneno hayo yana nguvu, sikatai. Ila yameandikwa kwenye ripoti. Je, yanafunika jibu la mdomo alilotoa miezi kadhaa baadaye kwa mtu anayemwona kwa macho? Mimi nasema hapana, kwa sababu alichojibu kikaoni ni tamko jipya.

Mshika Rula

Sikubaliani nawe, mzee. Mimi ni mkaguzi. Mtu akiniuliza kama nasimama na ripoti yangu, nasimama nayo pamoja na masharti yake yote, likiwemo hilo. Halafu mnunuzi wa kampuni nzima ana wajibu wa kuleta watu wake wakague ghala. Hata akishinda, atapunguziwa kwa kutojiangalia. Maboksi yako kuanzia usawa wa kifua kwenda juu, ngazi tu ilitakiwa.

Kisogo Moto

Ngazi?! Niliomba kuingia ghalani kabla ya kusaini, muuzaji akakataa, akasema wafanyakazi watajua kampuni inauzwa. Ndiyo maana nikamuuliza mkaguzi!

Kalamu ya Zamani

Ombi hilo lipo kwa maandishi? Kama lipo, hoja ya ngazi inapungua sana makali, maana linaonyesha kwa nini ulibaki na neno la mkaguzi peke yake. Na muhtasari wa kikao nani aliuandika?

Kisogo Moto

Ombi lipo kwenye barua pepe. Muhtasari aliuandika msaidizi wa muuzaji. Ninao, umeandikwa: "Mkaguzi alithibitisha kukamilika kwa ukaguzi."

Mshika Rula

Kukamilika siyo kuzisimamia.

Kalamu ya Zamani

Ni kweli, na wakili wao atakomaa hapohapo. Andika leo hii unachokumbuka, neno kwa neno, weka tarehe. Kisha mwandikie mkaguzi barua fupi, mkumbushe swali lako na jibu lake, usimtukane. Halafu tafuta wakili mwingine.