Nimenyimwa alama kwa jibu sahihi: jedwali la mshazari linafundishwa vibaya

Mwenye uzi (Kampala): Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira. Nimelipa ada ya muhula mzima katika chuo kimoja hapa mjini, na jana nimepewa sifuri katika swali ambalo nililijibu sawasawa. Tuliulizwa urefu wa kipande kirefu zaidi kinachopatikana katika safu zote mbili, namba zake zikifuatana bila kurukwa hata moja. Namba zenyewe zilikuwa za vituo vya teksi mbili: ya kwanza husimama 4, 9, 2, 6, na ya pili 4, 2, 6, 9. Sehemu ya pamoja isiyokatika ni 2, 6, yaani vituo viwili, lakini mwalimu anashikilia kuwa ni vitatu.

Tunajaza jedwali: mistari yake ni vituo vya teksi ya kwanza, safu wima zake ni vituo vya teksi ya pili, na kila kisanduku hulinganisha namba mbili zinazokutana hapo. Namba zinapolingana hatuna ugomvi: kisanduku huchukua thamani ya kisanduku kilicho juu yake upande wa kushoto, kwa mshazari, kisha huongeza 1. Zisipolingana, maelezo ya chuo yanatuagiza tuandike iliyo kubwa kati ya thamani ya juu na ya kushoto. Hiyo ni kanuni ya swali jingine linaloruhusu kuruka, na ndiyo iliyounganisha 4 na 2, 6 kana kwamba teksi ya kwanza haisimami 9. Hapa ni lazima tuandike 0, kwa sababu mfululizo umekatika na hauna cha kurithisha.

```
if a[i-1] == b[j-1]:
    t[i][j] = t[i-1][j-1] + 1
    kubwa = max(kubwa, t[i][j])
else:
    t[i][j] = 0
```

Msomaji wa Mbale: Kuhusu 0 nakubali. Hata hivyo nimelijaza jedwali lako, na kisanduku cha mwisho kabisa kina 0. Basi jibu ni 0, na wewe pia umekosea.

Mwenye uzi: Kisanduku hicho kinalinganisha 6 na 9, kwa hiyo kinaeleza tu kipande kinachoishia hapo. Ile 2 iko kisanduku kimoja kushoto kwake, 6 inapokutana na 6. Ndiyo maana nimeweka `kubwa`, itunze thamani kubwa kuliko zote zilizoandikwa.

Fundi wa Gulu: Kanuni yangu ni hiyo hiyo na bado napata majibu makubwa kupita kiasi. Safu zangu zina namba 20,000 kila moja, na kwa kuwa visanduku milioni 400 vilijaza kumbukumbu ya kompyuta, nimebakiza mstari mmoja tu ninaouandika upya kila mara.

Mzee wa Jinja: Ndugu yangu, bila shaka unaujaza kuanzia kushoto. Ukifanya hivyo, thamani ya mshazari unayoihitaji inakuwa imekwisha kufutwa na ile uliyoiandika punde. Jaribu [5] na [5, 5]: utapata 2, ilhali safu ya kwanza ina namba moja. Anzia kulia. Nawe mwenye uzi, mpelekee mwalimu safu zako mbili za namba nne nne, umwombe akuoneshe kwa kidole hivyo vituo vitatu vinavyofuatana.

Mwenye uzi: Nilimpelekea asubuhi. Alisema maelezo yamechapishwa tayari na darasa zima limesahihishwa kwa kanuni hiyo.

Msomaji wa Mbale: Na vipande viwili vikiwa na urefu sawa, walitaka mtaje kipi?

Mwenye uzi: Karatasi iliuliza urefu peke yake.