Naomba ushauri: maumivu kati ya mbavu, misuli au moyo?

Hamjambo wenzangu. Nikiwa na wasiwasi napumua harakaharaka kwa kifua cha juu, na jioni misuli kati ya mbavu za kushoto inakaza. Nikibonyeza kwa kidole napapata palepale panapouma, na nikijipinda panachoma. Ajabu, nikipanda ule mwinuko wa kutoka feri Likoni, hapazidi.

Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka sawa. Daktari alisema maumivu ya moyo kwa kawaida hukandamiza katikati ya kifua, huja ukijituma, hutulia ukipumzika, na huweza kwenda mkononi au tayani. Yakija na jasho au kukosa pumzi, nikimbilie hospitali, hata kama mbavu pia zinauma.

Waliopitia haya, mlizoeaje kupumua kwa tumbo? Mimi nikijaribu nahisi hewa haitoshi.