Mrejesho: choa kilichopoteza duara, Tanga

Niliuliza: "Mgonjwa wa Ngamiani ana mabaka mapajani. Krimu ya betamethazoni hutuliza muwasho, akiacha yanarudi makubwa zaidi. Ni pumu ya ngozi?"

Ni choa. Steroidi ilizima kinga ya ngozi bila kuua fangasi, hivyo ukingo wenye magamba ukafifia, duara likavunjika, vikabaki vipele vilivyotawanyika. Nafuu ya siku chache ndiyo iliyotupotosha wote, tukaendelea kudhani ni pumu.

Tulikwangua ukingoni, tukaweka KOH 10%. Nyuzi za fangasi zikaonekana wazi kwenye hadubini. Krimu imesimamishwa, anameza terbinafini miligramu 250 kwa siku, wiki 4. Ameonywa kuwa siku za mwanzo wekundu na muwasho huweza kuzidi, asiirudie ile tyubu.