Naomba ushauri: likizo ya mzazi wa njiti
Habari wakuu. Nina kiwanda kidogo cha mikate hapa Mwanjelwa, Mbeya. Marekebisho ya sheria za kazi yaliyoanza Februari 2025 yanamwongezea likizo mama aliyejifungua njiti, juu ya zile siku 84 (100 kwa pacha). Mfanyakazi wangu alijifungua njiti Januari 2025, na Februari ilimkuta bado yuko likizo. Nilimrudisha zilipoisha 84, na bado inaniuma. Je, alistahili nyongeza? Kama ndiyo, namfidiaje sasa? Mikataba na fomu zangu za likizo bado zinasema 84 tu. Nibadilishe zote, au waraka mmoja uliosainiwa unatosha?