Mrejesho: ile ripoti niliyoambiwa imeandikwa na mashine

Swali langu lilikuwa: "Msimamizi anasema programu ya ukaguzi imeonyesha sura ya pili ya utafiti wangu imeandikwa na akili bandia. Nimeiandika mwenyewe. Nawezaje kuthibitisha?"

Wakuu, nimetoka kikaoni jana. Nimepona, ila kwa tabu.

Nilifungua faili la Google Docs mbele ya walimu, nikaingia File, Version history, See version history. Sura ya kwanza ilijieleza yenyewe: wiki tatu za kuandika, kufuta na kuhamisha aya, kila badiliko na tarehe na saa yake. Balaa likawa sura ya pili yenyewe. Niliiandika kwenye Word ya laptopu bila intaneti, kisha nikaibandika yote kwa mkupuo. Kwenye historia ikaonekana kurasa tisa zimeshuka ndani ya dakika moja, yaani kama mtu aliyenakili mahali. Mwalimu mmoja akanitazama tu.

Kilichoniokoa ni barua pepe. Nilikuwa namtumia msimamizi rasimu kila Ijumaa, na zile nne zilikuwa bado kwenye kikasha chake, si changu. Ya kwanza ilikuwa mbovu kweli, na maoni yake yalionekana yamefanyiwa kazi katika iliyofuata. Daftari langu la dondoo, lenye namba za kurasa za vitabu, lilimalizia.

Aliyenishauri nitengeneze nakala safi ya faili niwapelekee: nashukuru sikufanya hivyo, maana nakala mpya haibebi historia ya zamani.